Imani kwa maimamu wa mwanzo: amali ni sehemu yake au iko nje yake? Na je, inapanda na kushuka?

Ibn Kilwa (mleta uzi)

Assalamu alaikum wakuu. Naomba wenye elimu mnisaidie.

Katika Jawhara, shairi la itikadi tulilosoma chuoni, kuna ubeti ambamo Laqani anasema kauli yenye nguvu ni kwamba imani huzidi kwa kuzidi utiifu wa mtu na hupungua utiifu ukipungua. Papo hapo anaongeza kuwa wapo waliosema haizidi, na wapo waliosema hakuna khitilafu yoyote hapa. Mistari miwili tu, na maalim wetu alitupitisha haraka tukaenda mbele.

Baadaye nikakuta kuwa aliyesema haizidi wala haipungui ni Imamu Abu Hanifa. Lakini Suratul Anfal aya ya 2 inasema waumini wakisomewa aya za Mwenyezi Mungu huzidi imani, na Bukhari amefungua Kitabu cha Imani kwa kusema kuwa ni kauli na kitendo, inazidi na inapungua. Abu Hanifa hakuwa mtu wa kutoijua Qurani. Basi aliisomaje aya hii? Sitaki majibu ya "fulani kapotea". Nataka kujua walikuwa wanabishania nini hasa.

Kijana wa Kariakoo

Waalaikum salaam. Mkuu, jibu ni fupi. Abu Hanifa alikuwa Murjia. Murjia walisema ukishaamini, dhambi haikudhuru kitu, kwa hiyo amali haina nafasi kwenye imani. Ahlul-Hadith wakawajibu kwa aya na hadithi, mjadala ukaisha. Malik, Shafii, Ahmad, wote wako upande mmoja.

Mwalimu Tanga

Kijana, nusu ya uliyoyasema iko sawa na nusu itakupoteza. Ni kweli walimwita Murjia. Imamu Ash'ari mwenyewe, alipopanga makundi katika Maqalat, alimweka Abu Hanifa humo. Lakini kauli ya kwamba dhambi haidhuru penye imani si yake. Chukua Tahawi, aliyefariki mwaka 321 Hijria na ambaye anasema wazi kuwa anaandika itikadi ya Abu Hanifa na wanafunzi wake wawili. Kwanza anasema hatumkufurishi mtu wa kibla kwa dhambi madhali hajaihalalisha, halafu sentensi inayofuata anasema wala hatusemi kuwa dhambi haimdhuru mtu akiwa na imani. Huwezi kuchukua ya kwanza ukaiacha ya pili.

Ibn Kilwa, turudi kwenye swali lako. Ukianza na aya ya Anfal hutaelewa ugomvi huu, kwa sababu wao hawakuanzia hapo. Swali la kwanza lilikuwa la damu. Baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 Hijria, Waislamu walikuwa wameuana, na kikundi kikatoka kwa Ali, ndio Makhawariji, kikisema mwenye dhambi kubwa si muumini tena. Wakali wao, Azariqa, wakafika mpaka kuhalalisha damu ya Waislamu wenzao. Kwa hiyo kila aliyeulizwa "imani ni nini?" katika karne ile alikuwa anaulizwa kwa ndani: huyu jirani yangu mlevi bado ni ndugu yangu, anarithi, anaozwa, anaswaliwa akifa?

Hoja ya Makhawariji ilikuwa na mantiki yake. Ukisema imani ni jumla ya mambo kadhaa, kuamini na kuswali na kuacha zinaa, basi kikiondoka kimoja jumla ile haipo tena. Kumi ukitoa moja si kumi. Muutazila nao walikubali hesabu hiyo hiyo, ila hawakuwa tayari kumwita mtu huyo kafiri. Wasil bin Ata, aliyekuwa akihudhuria darsa ya Hasan al-Basri kule Basra, akasema yuko katika daraja baina ya daraja mbili, si muumini wala si kafiri.

Sasa mtazame Abu Hanifa ndani ya chumba hicho. Kama imani ikipungua huvunjika yote, na wewe hutaki kumtoa mlevi katika umma, njia iliyobaki ni ipi? Unaitoa amali nje ya imani. Imani inabaki kusadiki kwa moyo na kukiri kwa ulimi, na kitu hicho ama kipo ama hakipo. Watu wanalingana katika kuamini kwao na wanapishana katika matendo na ucha Mungu.

Mtumishi wa Kigoma

Habari zenu. Mimi ni Mkristo, napita tu. Kwetu hili lilishajibiwa, Waraka wa Yakobo sura ya 2 unasema imani pasipo matendo imekufa. Naona mnazunguka palepale. Au sijaelewa?

Mwalimu Tanga

Karibu sana ndugu. Karibu yake, lakini swali si lile lile. Ninyi mnapobishana kuhusu Paulo na Yakobo, mnauliza mtu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu. Hawa walikuwa wanauliza ni nani anastahili kuitwa muumini hapa duniani, na sheria ya waumini impitie. Hata Murjia aliyeulizwa habari za akhera angejibu kuwa wokovu wa mtenda dhambi anaujua Mungu. Jina lao limetokana na jambo hilo hilo la kuahirisha hukumu, kama ilivyo Suratut Tawba aya ya 106.

Mgeni wa Muskat

Mwalimu, ahsante, ila naomba usiwapitishe Maibadhi mlango mmoja na Azariqa, maana wasomaji wa Unguja na Pemba humu wanajua masultani wetu walikuwa wa madhehebu gani.

Kwetu amali ni sehemu ya imani, na mwenye dhambi kubwa asiyetubu hatumwiti muumini. Lakini tukisema kufuru kwake, ni kufuru ya neema na si ushirikina. Maana yake nini kwenye maisha? Unaoana naye, unarithiana naye, akifa unamzika makaburi ya Waislamu. Akhera yake ndiyo tunayosema ni nzito, kwani akifa bila toba hatoki Motoni. Na jina la Khawariji wetu hawalipokei kabisa.

Mwalimu Tanga

Umesema kweli, na nashukuru. Jambo hilo linaonyesha vizuri kuwa mtu anaweza kuiweka amali ndani ya imani bila kushika upanga.

Mama Zuhura

Samahanini wanangu, mimi sijasoma vitabu hivyo. Nina kijana wangu ana miaka zaidi ya 20, ameacha swala kabisa, ukimwambia anasema "mama, imani iko moyoni". Mdogo wangu anasema nisimkaribishe hata kula, kwamba si Mwislamu tena. Kwa hayo mnayoyasema, nani yuko sahihi?

Mwalimu Tanga

Mama, shikamoo. Nitakujibu kwa walivyosema maimamu, halafu kwa mwanao mwenyewe nenda kwa shekhe anayewajua.

Mwanao anadhani anamfuata Abu Hanifa, na hamfuati. Abu Hanifa alisema asiyeswali anafungwa mpaka aswali. Mtu anayesema swala si sehemu ya jina la imani hajasema swala si faradhi. Mdogo wako naye ana pa kutegemea. Tirmidhi amepokea kwa Abdullah bin Shaqiq kuwa maswahaba hawakuona kitendo ambacho kukiacha ni kufuru isipokuwa swala, na katika riwaya mashuhuri ya Ahmad bin Hanbal anayeiacha ametoka. Malik na Shafii, wanaosema imani ni kauli na amali, hawakumtoa katika Uislamu mtu anayekiri kuwa ni faradhi na akaiacha kwa uvivu, ijapokuwa adhabu waliyotaja ni kali kuliko ya Abu Hanifa.

Kwa hiyo hata hao "upande mmoja" aliowataja Kijana hawakuwa kauli moja pale ilipobidi kumtazama mtu halisi.

Mama Zuhura

Marahaba mwanangu. Basi atakula kwangu, na nitaendelea kumwamsha alfajiri.

Kijana wa Kariakoo

Mwalimu, nimekusoma. Ila bado hujajibu aya. Na watu kama Sufyan al-Thawri, wa Kufa hapo hapo, walimpinga waziwazi. Kama ni kukwepa Makhawariji tu, si angesema imani inapungua bila kuisha?

Mwalimu Tanga

Hilo ndilo swali la mada nzima, na nitalifikia. Kwanza ngoja nikupeleke Samarkandi, maana bila tukio lile mtu anadhani hawa walikuwa wanacheza na maneno.

Mwaka 110 Hijria, sawa na 728, gavana wa Khurasani alikuwa Ashras bin Abdallah al-Sulami. Alimtuma mtu aitwaye Abu al-Sayda kwenda kuwaita watu wa Sogdi katika Uislamu, kwa ahadi kwamba atakayesilimu ataondolewa jizia. Watu wakaingia kwa wingi, misikiti ikajengwa. Mfalme wa Wasogdi, Ghurak, aliyekuwa na dhamana ya kukusanya kodi, akaandika kwa Ashras kuwa mapato yameanguka. Ashras akabadilika. Akamwandikia mtendaji wake kuwa kharaji ndiyo nguvu ya Waislamu, na kwamba amesikia hawa wamesilimu kukimbia jizia tu. Basi awatazame: aliyetahiriwa, akatekeleza faradhi, Uislamu wake ukawa mzuri na akasoma sura ya Qurani, huyo ndiye aondolewe kodi.

Tazama kilichofanyika hapo. Amali imegeuzwa kuwa sharti la kutambuliwa kuwa Mwislamu, na mwenye kupima ni mkusanya kodi. Hata waliofaulu mtihani haukuwasaidia, kwani baadaye jizia ilirudishwa kwa wote, hata wanyonge waliosilimu. Tabari anaeleza kuwa watu elfu saba wa Sogdi walitoka wakapiga kambi nje ya Samarkandi, na Abu al-Sayda akasimama nao, pamoja na Thabit Qutna, mshairi ambaye shairi lake juu ya itikadi ya Murjia limetufikia. Walikamatwa.

Kabla ya hapo Umar bin Abdulaziz alishaletewa wazo kama hilo la Khurasani, kwamba waliosilimu wapimwe kwa tohara, akajibu kuwa Mwenyezi Mungu alimtuma Muhammad awe mlinganiaji, hakumtuma awe ngariba. Hili la Ashras lilikuja chini ya miaka kumi baada ya kifo chake.

Sasa weka moyoni mwako mkulima wa Sogdi aliyetamka shahada juzi, Kiarabu hajui, Fatiha ndiyo kwanza anaijifunza. Ukimwambia imani ni kauli na amali, inazidi na inapungua, anasikia nini? Anasikia sauti ya mtoza kodi. Ukimwambia imani yako na imani ya Mwarabu wa Basra ni moja, hamzidiani isipokuwa kwa ucha Mungu, umempa mahali pa kusimama. Sishangai hata kidogo kwamba madhehebu ya Abu Hanifa yalishika mizizi Khurasani na ng'ambo ya Amu Darya kuliko karibu kila mahali.

Ibn Kilwa

Allahu akbar. Hili sikulisikia popote. Je, Abu Hanifa mwenyewe anaitaja habari hiyo?

Mwalimu Tanga

Samarkandi haitaji. Lakini ipo barua yake kwa Uthman al-Batti wa Basra, ambaye alikuwa amesikia kuwa yeye ni Murjia na akamwandikia. Hoja yake ni ya historia. Anasema Mtume alipokuja aliwaita watu kwenye kushuhudia Mungu mmoja na kukubali aliyoyaleta, na aliyeingia aliitwa muumini, damu na mali yake vikalindwa. Faradhi zikashuka baadaye, juu ya watu waliokwisha kuitwa waumini. Basi mwenye kupoteza amali hajapoteza kusadiki. Ni muumini mwenye kudhulumu, muumini mwenye dhambi, na adhabu au msamaha ni kwa Mungu. Anakumbusha pia kuwa Ali aliwaita waumini watu wale wale aliopigana nao. Kuhusu jina la Murjia, anauliza ni kosa gani la watu waliosema uadilifu, kisha watu wa bidaa wakawabandika jina hilo.

Na aya ya Anfal? Wafuasi wake wameijibu kwa njia mbalimbali. Iliyo maarufu ni kwamba maswahaba walikuwa wanaamini kwa jumla, kisha kila sura ilipoteremka wakaamini na hiyo pia, kwa hiyo kilichozidi ni mambo ya kuaminiwa. Jibu hilo linakwenda vizuri na Tawba aya ya 124, inayotaja sura inapoteremshwa. Kwa aya nyingine mimi naliona linabana.

Dada Nasra

Naomba niingie hapa, maana Mwalimu kamtetea Abu Hanifa mpaka Ahlul-Hadith wanaonekana watu wa mtoza kodi, na si haki.

Kijana aliuliza swali zuri: kwa nini asiseme inapungua bila kuisha? Hivyo ndivyo Ahlul-Hadith walivyosema. Ibn Taymiyya, katika karne ya nane Hijria, ndiye aliyelieleza waziwazi kuliko wote: Khawariji na Murjia wamepigana vita kali, lakini msingi wao ni mmoja. Wote wameshika kuwa imani ni kitu kisichogawanyika, ikiondoka baadhi yake imeondoka yote. Mmoja akatumia msingi huo kumtoa mtenda dhambi, mwingine akautumia kuitoa amali. Ahlul-Hadith hawakuukubali msingi wenyewe.

Na hawakuutupa kwa akili tu. Hadithi ya matawi inasema imani ni matawi sabini na kitu kwa riwaya ya Muslim, la juu kabisa ni La ilaha illa Allah, la chini ni kuondoa kero njiani, na kuona haya ni tawi mojawapo. Mti ukikatwa tawi ni mti uliopungua, si mti uliokufa. Ukikatwa shina, huo umekufa. Halafu hadithi ya shafaa: anatolewa Motoni aliye na uzito wa punje ya shayiri moyoni, kisha punje ya ngano, kisha chembe. Kitu kisichogawanyika hakipimwi kwa punje.

Na hoja ya Abu Hanifa kuwa faradhi zilikuja baadaye ina jibu. Kibla kilipohamishwa kutoka Baitul-Maqdis, watu wakauliza hali ya wenzao waliokufa wakiswali kuelekea kule. Ikateremka Baqara aya ya 143, kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa wa kuipoteza imani yenu. Bukhari anaiweka chini ya mlango wa kuwa swala ni katika imani. Qurani imeiita swala imani.

Mwalimu Tanga

Dada Nasra, hoja ya shafaa ni nzito na sijawahi kuona Mhanafi akiijibu kwa wepesi. Ila nikuulize moja. Mti una matawi na una shina. Ni nani anayeniambia lipi ni tawi na lipi ni shina? Ahmad aliiweka swala kwenye shina, Shafii akaiweka kwenye matawi makubwa. Mfano wenu unaeleza vizuri kuwa imani inapungua, hauelezi inapungua mpaka wapi.

Dada Nasra

Hauelezi, kweli. Hapo unarudi kwenye dalili ya kila kitendo peke yake, na ndiyo maana wakakhitilafiana. Lakini swali la mpaka linabaki hata kwa Mhanafi. Akisujudia sanamu huku anadai anasadiki moyoni, mtamwita muumini? Hammuiti. Basi nanyi kitendo kimewaingilia.

Mwalimu Tanga

Wanasema kitendo hicho ni alama kuwa kusadiki hakupo. Ila nakubali, jibu hilo linasogea kwenu zaidi ya wanavyopenda wenyewe.

Kijana wa Kariakoo

Kwa hiyo mwishowe ni khitilafu ya maneno tu? Nimeona Ibn Abi al-Izz, aliyeisherehesha Tahawiyya, anasema khitilafu ya Abu Hanifa na wenzake kwa sehemu kubwa ni ya sura tu, kwa vile wote wanakubali mtenda dhambi anaweza kuadhibiwa na hatoki katika Uislamu.

Ibn Kilwa

Na Laqani naye kataja hiyo kauli ya tatu, ya kuwa hakuna khitilafu. Fakhruddin Razi ndiye anayenasibishwa nayo, sivyo? Kwamba ukisema imani ni kusadiki, haizidi, na ukiingiza amali, inazidi, kila mtu na tafsiri yake.

Dada Nasra

Ndiye. Mimi siikubali, kwa sababu inapita juu ya kusadiki kwenyewe kana kwamba ni swichi. Nawawi, na ni Mshafii kama sisi wa pwani, anasema kusadiki kwenyewe kunazidi kwa kutazama dalili kwa wingi, na kwamba imani ya wakweli kama Abu Bakr hailingani na ya mtu wa kawaida inayotikiswa na shubha. Ibrahim alisema anaamini, lakini anataka moyo wake utulie. Alikuwa na nini kabla, na akapata nini baada? Umayr bin Habib, swahaba, alipoulizwa kuzidi na kupungua kwake nini, hakujibu kwa falsafa. Alisema tukimkumbuka Mola wetu na kumcha ndiko kuzidi kwake, tukighafilika na kusahau ndiko kupungua.

Mwalimu Tanga

Juwayni angekujibu kuwa ukiwa na yakini huwezi kuwa na yakini zaidi, maana iliyo chini ya yakini ni shaka, na shaka si imani. Kinachopanda ni uthabiti wake na kudumu kwake saa baada ya saa, si yenyewe.

Lakini Kijana, mimi pia sisemi ni maneno tu, na sababu yangu ni nyingine. Muulize mtu, "wewe ni muumini?" Wanafunzi wa Ibn Mas'ud, na Ahlul-Hadith baada yao, walijibu "inshaallah", maana imani ikiwa ni pamoja na amali, nani anadai ameikamilisha? Kwa Mhanafi jibu hilo ni kasoro, kwa sababu kuamini ama unaamini ama huamini, na inshaallah hapo ni kutia shaka. Jambo hili halikubaki madarasani. Wapo Wahanafi wa baadaye waliojadili kama inafaa kuoana na Mshafii, kwa kuwa anasema "mimi ni muumini inshaallah". Wakubwa wao waliikataa kauli hiyo, lakini iliandikwa na ikajadiliwa. Khitilafu ya maneno tu haifiki mlangoni kwa mkwe.

Kijana wa Kariakoo

Hili la ndoa limenishtua. Ila mimi bado nasimama na Bukhari.

Dada Nasra

Simama naye, ila isome Sahihi yake yote. Humo humo utakuta hadithi ya Abu Dharr, kwamba aliyekufa hali hamshirikishi Mungu ataingia Peponi, hata kama amezini na hata kama ameiba. Bukhari aliipokea hiyo na ile ya kuwa mzinifu hazini hali ni muumini. Mwalimu, Wahanafi wanaisomaje hiyo ya pili?

Mwalimu Tanga

Kama wengi: si muumini kamili. Wapo wanaosema kadhalika kuwa ni makemeo. Nikitoka darasani kesho usiku nitaleta maneno ya Kitabu cha al-Alim wal-Mutaallim, maana mwanafunzi anamuuliza Abu Hanifa kuhusu hadithi hiyo hiyo, na jibu lake si jepesi.

Ibn Kilwa

Tunakusubiri. Mgeni wa Muskat, nawe ukiweza tuletee jinsi Maibadhi wanavyoisoma ya Abu Dharr.